Kisa cha 'cjareceive': Roboti ya gumzo na herufi moja inayokanusha

Neno "cjareceive" halimo katika kamusi yoyote, iwe ya Kiswahili au ya Kiingereza. Hata hivyo, sidhani kuna mtu mwenye simu sokoni Katangi, kule Yatta katika Kaunti ya Machakos, atakayelisoma akose kulielewa. Ni "sijareceive", yaani sijapokea. Mkulima aliyeuza gunia la ndengu kwa ahadi ya kutumiwa pesa kwa simu huliandika akingoja malipo, na aliyeandikiwa hujua papo hapo kwamba ana deni.

Kijana mmoja wa huko aliyesomea kompyuta aliniletea neno hilo hilo. Alikuwa akiunda roboti ya kujibu arafa za wakulima wanaomuuzia mnunuzi mmoja ndengu, na roboti ilikuwa ikimjibu kila aliyeandika "cjareceive" kwamba inafurahi kusikia malipo yamefika. (Nasema roboti kwa makusudi. Vijana husema boti, lakini boti katika Kiswahili ni chombo cha majini, na Katangi hakuna bahari.) Kijana alidhani tatizo lake ni la kihesabu. Mimi niliona ni la sarufi, tena sarufi yenye historia ndefu kuliko umri wake.

Tuanze na 1966, mwaka ambao Joseph Weizenbaum wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, alieleza programu yake iitwayo Eliza, ambayo wengi huihesabu kuwa roboti ya gumzo ya kwanza. Eliza haikuelewa chochote. Ilitafuta katika sentensi maneno fulani iliyopewa, ikachukua lenye uzito zaidi, kisha ikarudisha jibu lililopangwa kwa neno hilo. Roboti nyingi sahili za leo zingali wajukuu wa Eliza. Sasa fikiria mjukuu huyo akikutana na arafa ya Katangi. Maneno anayoyajua ni "receive", "send", "balance" na "cash". Anaona "receive" ndani ya "cjareceive", analikumbatia, na vipande vilivyotangulia anavitupa kama takataka. Takataka hiyo ndiyo iliyobeba habari yenyewe.

Kwa nini habari imo katika vipande vidogo? Swali hilo lilianza kujibiwa kikompyuta mwaka 1982 mjini Prague, katika kongamano la wataalamu wa isimu ya kompyuta. Aravind Joshi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwasilisha makala kuhusu watu wanaochanganya Kimarathi na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Wakati huo wapo walioona mchanganyiko kama huo kuwa fujo isiyo na kanuni. Joshi alisema la hasha. Katika sentensi iliyochanganywa kuna lugha kuu inayotoa kiunzi, na kuna lugha inayochopekwa ndani ya kiunzi hicho. Maneno makubwa kama nomino na mizizi ya vitenzi huweza kutoka upande wowote. Vipashio vidogo vya kisarufi, vile ambavyo lugha haiongezi hivi hivi, hubaki vya lugha kuu.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1993, Carol Myers-Scotton alichapisha kitabu kilichoikuza hoja hiyo ikawa nadharia kamili, na ushahidi wake mkubwa ulitoka kwetu. Alikuwa amerekodi mazungumzo ya wakazi wa Nairobi wakichanganya Kiswahili na Kiingereza. Alichokionyesha kila Mkenya anakijua bila kukijua: tunasema "ameconfirm", "tutadiscuss", "hawajareply". Nafsi ni ya Kiswahili, njeo ni ya Kiswahili, ukanushi ni wa Kiswahili. Kiingereza kimeletewa kiti, kikaambiwa kikae penye mzizi. Kinyume chake, mtu wa kuambika viambishi vya Kiingereza kwenye "lipa" au "lala" utamsikia akifanya mzaha. Kweli ipo misimbo ya vijana ambayo kiunzi chake ni Kiingereza. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde waliieleza mwaka 1997 walipotofautisha Sheng na Engsh. Lakini arafa nilizoonyeshwa za wakulima wa ndengu hazikuwa za namna hiyo. Zilijengwa kwa kiunzi cha Kiswahili.

Kwa hiyo mtu anayeunda roboti ya jumbe kama hizi ana bahati: ujuzi wa mambo mawili anayohitaji sana, nani anahusika na je, tendo limetokea au halijatokea, unapatikana mahali pamoja, mwanzoni mwa kitenzi, kwa Kiswahili. Kazi inayobaki kwa Kiingereza ni kutaja tendo lenyewe.

Ajabu ni kwamba mbinu iliyozoeleka huiharibu bahati hiyo mapema kabisa. Waundaji wengi huweka lango la lugha. Ujumbe ukiingia, programu huuliza: hiki ni Kiswahili au Kiingereza? Kisha huupeleka kulia au kushoto. Lango la namna hii lina asili ya kuheshimika. Mwaka 1994 William Cavnar na John Trenkle walionyesha kwamba ukihesabu mifuatano ya herufi katika matini unaweza kuitambua lugha yake kwa usahihi wa asilimia 99.8. Lakini walichopima ni matini za mtandaoni, nyingi zikiwa ndefu, na kila moja ilikuwa ya lugha moja. Arafa ina nafasi ya herufi 160, na yetu ina lugha mbili au tatu. Kulazimisha jibu moja hapo ni kama kumuuliza mtu kama githeri ni mahindi au ni maharagwe. "Cjareceive" ina herufi saba za "receive" na tatu za kwingine. Lango likihesabu litaamua ni Kiingereza kilichoandikwa vibaya, na programu ya kusahihisha tahajia itakuja na bidii yake yote kulirudisha kuwa "receive". Hapo mdeni ameshalipa bila kutoa shilingi.

Nilimshauri kijana alibomoe lango. Asiulize sentensi ni ya lugha gani. Akate neno, kisha aulize kila kipande kimetoka wapi.

Kabla ya kukata lazima tuielewe herufi c. Imeingiaje? Wakati arafa ilipolipiwa moja moja na nafasi ilikuwa hizo herufi 160, kila herufi iliyookolewa ilikuwa pesa. Vijana wakagundua kwamba jina la Kiingereza la herufi C hutamkwa kama silabi "si" ya Kiswahili. Wakaandika "cjui", "cwezi", "ctaki". Vivyo hivyo tarakimu 2, kwa jina lake la Kiingereza, ikawa silabi "tu": "m2" ni mtu, "2nakuja" ni tunakuja, na "ha2jalipwa" ni hatujalipwa. Angalia basi mchanganyiko ulivyozama: haumo katika sentensi tu, wala katika neno tu, umo ndani ya herufi moja, ambayo jina lake ni la Kiingereza na maana yake ni ya Kiswahili. Nimesoma mengi kuhusu uhamishaji msimbo na sijui mfano mdogo kuliko huu.

Sasa, programu nyingi za kusafisha matini huondoa tarakimu na kupuuza herufi iliyo peke yake. Zikipita juu ya "ha2jalipwa" huacha "ha" na "jalipwa". Kanuni ya kwanza, basi: hifadhi ujumbe kama ulivyoandikwa, usisafishe chochote kabla ya kusoma.

Tuchukue arafa moja niliyoitunga kwa mfano wa zile nilizoonyeshwa:

"Boss cjareceive mbesa ya gunia ya pili na jana ulisema umesend"

Lugha ni tatu, maana "mbesa" ni pesa kwa Kikamba. Tuanze na "cjareceive". Hatua ya kwanza ni kuuliza kama neno zima limo katika orodha ya maneno ya Kiswahili, Kiingereza au Kikamba. Halimo. Hatua ya pili ni kutazama mwanzo wake. Herufi c ikifuatwa na j, n, t au w, karibu kila mara ni "si", kwa kuwa maneno ya kawaida ya Kiingereza hayaanzi hivyo, na Kiswahili sanifu hakitumii c isipokuwa katika "ch". Kwa hiyo tunapata si-, kiambishi cha nafsi ya kwanza umoja katika ukanushi. Kinachofuata ni -ja-, ambacho baada ya si- chaonyesha jambo lililotazamiwa lakini halijatimia. Kilichobaki ni "receive", na hicho kimo katika orodha ya Kiingereza. Matokeo huandikwa kando kando, wala hayarudishwi kuwa neno moja: nani, mimi, hali, haijatimia, tendo, kupokea.

"Umesend" hukatwa vivyo hivyo: wewe, imetimia, kutuma. Hapa ndipo roboti isiyo makini hujikwaa mara ya pili, kwa sababu imepata tendo moja lililokanushwa na jingine lililokubaliwa, na huenda ikachukua la mwisho. Lakini "umesend" limetanguliwa na "ulisema". Si habari ya mkulima, ni madai ya mnunuzi yanayorejelewa na mkulima. Roboti nzuri haitoi hukumu hapo. Inaandika kwamba malipo ya gunia la pili yanabishaniwa, na inampelekea binadamu mwenye kitabu cha malipo.

Mwisho wa kitenzi nao una mambo. Linganisha "nimesend" na "nimesendiwa". La kwanza, mimi ndiye niliyetuma. La pili, mimi ndiye niliyetumiwa. Tofauti ni -iw-, kauli yetu ya kutendewa iliyopandikizwa kwenye mzizi wa kigeni bila aibu yoyote. Ukikata mwanzo wa neno ukasahau mwisho, utamgeuza mdai kuwa mdeni. Kuna pia "nisendie", ambalo ni ombi, halina habari ya jambo lililotokea.

Msomaji atauliza, je, ukataji huu haukosei? Hukosea, tena kwa namna inayochekesha. Kiingereza kina maneno ambayo kwa bahati mbaya yanafanana na vitenzi vyetu. "Alive" linakatika vizuri kabisa kuwa a-li-ve, kana kwamba mtu fulani jana "alive". "Unable" huwa u-na-ble. Hayo hayana madhara makubwa kwa kuwa "ve" na "ble" si mizizi ya lugha yoyote tuliyo nayo. Hatari ni "unaware": ukilikata u-na-ware unabaki na "ware", ambalo ni neno halali la Kiingereza. Ndiyo sababu neno zima hukaguliwa kwanza, kisha ndipo kisu kitumike. Upande wa pili kuna maneno yenye uraia wa nchi mbili, kama "wake", "vile" na "pole". "Pole sana" na "pole ya stima imeanguka" haziwezi kutofautishwa kwa orodha yoyote, jirani wa neno ndiye huamua. Na ile kanuni ya c nayo ina mipaka yake. Inafanya kazi mbele ya konsonanti fulani tu. "Clipi" ni silipi, lakini iko herufi moja tu kutoka kwa "clip" ya Kiingereza, na "celewi" inaanza kama "celebrate". Hapo hakuna ujanja ila kuorodhesha vitenzi vyetu vya kawaida katika umbo lao la kukanusha na kuvitafuta kimoja kimoja.

Ipo njia ya usaidizi ambayo vitabu vya sarufi vingetuahidi, yaani upatanisho. Mtu akiandika "nilinunua tokens nikapewa receipt lakini hazijareflect", kile kiambishi -zi- kinaelekeza kwa tokeni za stima, si kwa risiti. Pwani ningekitegemea. Ukambani, sawa na bara kwa jumla, mtu huyo huyo huenda akaandika "tokens haijareflect", maana -i- imekuwa kiambishi cha kila kitu. "Gunia ya pili" katika mfano wetu ni ushahidi tosha. Kwa hivyo upatanisho ukiwepo uchukuliwe kama dokezo, na usipokuwepo roboti isidhani mwandishi amekosea. Wapo wenzangu watakaonung'unika kwamba safu ya lugha haifai kuyavumilia haya. Mimi ninayasahihisha katika insha za wanafunzi. Mkulima anayedai fedha zake hakuniomba nimsahihishe.

Kuna watakaosema haya yote yamepitwa na wakati, kwani siku hizi kuna miundo mikubwa ya lugha inayojifunza yenyewe. Ni kweli kwa kiasi. Lakini miundo hiyo pia hukata maneno kabla ya kuyasoma, na huyakata kwa kufuata wingi wa vipande katika matini ilizolishwa, si kwa kufuata mofimu. Muundo wa Bert wa lugha nyingi ambao Google iliutoa mwaka 2018 ulikuwa na lugha 104, Kiswahili kikiwemo, lakini ulilishwa makala ya Wikipedia. Nani anaandika "cjareceive" katika Wikipedia? Kipande cha "receive" muundo utakitambua, na "cja" unaweza kukivunja kuwa herufi zisizo na maana. Mwaka 2014 mjini Doha yalifanyika mashindano ya kutambua lugha neno kwa neno katika matini zilizochanganywa. Jozi za lugha zilikuwa nne: Kihispania, Kinepali na Kichina kila kimoja na Kiingereza, pamoja na Kiarabu sanifu na lahaja zake. Mchanganyiko ambao nadharia nzima ilikuwa imejengewa juu yake, ule wa Nairobi, haukuwemo.

Hapa Kenya kazi ya vitendo imesukumwa zaidi na watu wa afya. Shirika la Jacaranda Health lina huduma iitwayo PROMPTS, ambamo wajawazito na mama waliojifungua huuliza maswali kwa arafa, programu ikayapanga kwa uzito wake, na wahudumu wakayajibu. Mama hao huandika kama Wakenya wote wanavyoandika, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, muundo uliotokana na Llama ya kampuni ya Meta na kuongezewa mafunzo ya Kiswahili. Ninawataja kwa sababu katika kazi yao ukanushi si jambo la gunia la ndengu. Chukua sentensi hii, ambayo ni yangu: "cjaskia mtoto akikick tangu jana". Itupe "cja" na unabaki na mtoto anayecheza tumboni, mama aambiwe hongera. Isome "cja" na unaye mtu anayepaswa kwenda hospitalini sasa hivi.

Hilo ndilo linalonifanya nisiridhike na alama ya jumla ambayo waundaji hupenda kuitaja. Tuseme una arafa 1,000 za majaribio, na 40 kati yake zina ukanushi wa "c". Roboti ikikosea zote 40 na kupata nyingine zote, itajivunia asilimia 96. Kijana wa Katangi alikuwa na fahari ya aina hiyo. Nilimwomba aandae majaribio mengine, ya jozi. Achukue ujumbe mmoja na kuuandika kwa namna nne: "nimereceive", "sijareceive", "cjareceive", "nmereceive". Kila kitu kingine kibaki vile vile. La kwanza na la nne lazima zipate jibu moja, la pili na la tatu jibu jingine. Pasipotokea hivyo, tatizo linajulikana lilipo. Kabla ya kutumia arafa za watu halisi aliondoa majina na nambari za simu, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatufanya tulichukulie kwa uzito.

Kuhusu lugha ya kujibu tulibishana kidogo. Yeye alitaka roboti iige mchanganyiko wa mwandishi, ijibu "tumecheck". Nilikataa. Mtu anapochanganya huwa anachagua, na mashine inapoiga huonekana inamdhihaki. Tulikubaliana ijibu kwa Kiswahili chepesi, ila majina ya vitu iyaache kama mwandishi alivyoyataja. Akisema "message", isimrudishie "arafa" ambalo pengine hajawahi kulitumia.

Neno lililotutesa zaidi mwishoni halikuwa la kuchanganywa hata kidogo. Roboti ikimuuliza mkulima, "Umepokea malipo?", naye akajibu "Bado", amekanusha, ingawa hakuna si-, ha- wala c popote. Akiandika "bado naumwa", neno hilo hilo limesema jambo linaendelea. Na akiandika "bado cjalipwa", yapo mawili yanayosaidiana, wala hayafutani kama hesabu ya hasi na hasi. Tuliamua "bado" iliyo peke yake isomwe pamoja na swali lililotangulia, na yenye kitenzi isomwe kwa kufuata kiambishi cha kitenzi hicho. Kwa hiyo roboti inabidi ikumbuke ilichouliza, na ile ya kijana haikuwa ikikumbuka chochote. Sasa anaifundisha kukumbuka swali moja nyuma.